SOMO: Kukagua konekta na splita za kebo ya intaneti kabla hujanunua ruta mpya

Wakuu, somo hili ni la wanaotumia intaneti ya kebo, ile inayoingia ndani kwa kebo ya koaksi na kufungwa kwenye modemu kwa nati. Dalili ninazozilenga ni hizi: ukipima kasi ya kupakua inaonekana nzuri, lakini simu za video zinaganda, kupakia faili kunasuasua, na mara mojamoja modemu inapoteza mtandao na kuanza kuutafuta upya. Wengi wakifika hapo hununua ruta nyingine. Mimi huanza pale kebo zinapoungana.

Hatua ya 1: Soma modemu kabla hujagusa kitu

Modemu nyingi za kebo zina ukurasa wake wa ndani. Fungua kwenye kivinjari:

```
http://192.168.100.1
```

Tafuta sehemu ya hali ya mtandao, kisha andika pembeni mambo matatu. La kwanza ni `Downstream Power`, yaani nguvu ya ishara inayokufikia. Ikiwa kati ya -7 na +7 dBmV huna wasiwasi. La pili ni `Upstream Power`, na hapa wengi huielewa vibaya. Hiyo ni nguvu ambayo modemu yenyewe inalazimika kutumia ili isikike na mtambo wa kampuni, kama mtu anayepaza sauti kwa sababu kuna ukuta katikati. Namba ikiwa kubwa, hali ni mbaya. Kwenye 38 hadi 45 modemu inaongea kwa raha, na ikikaribia 50 inapiga kelele. La tatu ni `Uncorrectables`, vipande vya data vilivyoharibika hadi modemu ikashindwa kuvirekebisha. Hesabu hiyo hujumlishwa tangu modemu ilipowashwa, kwa hiyo namba peke yake haisemi mengi. Isome, subiri saa nzima, isome tena, uone imeongezeka kiasi gani.

Pitia pia kumbukumbu za matukio. Mstari kama huu ukijirudia, maana yake modemu iliita na haikujibiwa:

```
No Ranging Response received - T3 time-out
```

Kwa nini konekta mbovu huonekana kwanza kwenye upande wa kupanda, yaani wa kutuma? Data unayopokea husafiri kwenye masafa ya juu, mamia ya MHz. Unayotuma hupita chini kabisa, kuanzia MHz 5 hadi 42, au hadi 65 au 85 kutegemea mfumo. Kebo isiyo na kasoro ikiwa ndefu hula zaidi masafa ya juu. Waya wa kati ukishika kutu, mambo hugeuka: chuma hakigusi chuma vizuri, kunabaki upenyo mdogo unaofanya kazi kama kapasita. Masafa ya juu huuruka bila shida, ya chini hukwama. Ndiyo maana kupakua kunaweza kuonekana kuzuri huku kutuma kukiteseka. Nati iliyolegea nayo hufungua mlango kwa kelele za nje, kwa sababu wavu wa nje wa kebo haukumbatii tena vizuri, na kelele hizo hupenda zaidi masafa hayohayo ya chini.

Hatua ya 2: Ruka splita, kisha piga hesabu

Fuata kebo kutoka kwenye modemu kurudi nyuma hadi pale inapoingia ndani. Ukikuta splita, kile kifaa kinachogawa kebo moja kwenda matundu kadhaa, chomoa kebo inayoingia na uiunganishe moja kwa moja na ile inayokwenda kwenye modemu kwa kiungio cha kike kwa kike. Soma namba tena.

Huu hapa mfano. Kabla: `Upstream Power` 50, na `Downstream Power` -7 kwenye chaneli ya MHz 303 na -7.5 kwenye ya MHz 843. Baada ya kuruka splita: upstream imeshuka hadi 38, downstream ni +1 na -0.5. Splita ilikuwa ya njia tatu, na modemu ilikuwa kwenye tundu lililoandikwa 7 dB. Kwenye MHz 843 tofauti ni 7 kamili, sawa na maandishi. Kwenye MHz 303 ni 8. Upande wa kupanda ni 12. Splita isiyo na kasoro ingekula 7 hivi kila mahali, kwa hiyo zile 5 za ziada kwenye masafa ya chini hazina mwenyewe. Kutu inakaa kwenye splita au kwenye konekta zilizofungwa hapo.

Mtu akitazama downstream tu angesema laini ni nzima. Namba zote zilikuwa ndani au karibu kabisa na mipaka.

Kama umeruka splita na namba hazijabadilika zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye tundu, tatizo liko kwingine. Fungua dirisha la amri, endesha `ping -t 8.8.8.8` (hiyo ni ya Windows), kisha tikisa kwa upole kiungo kimoja kimoja. Kiungo kinachopoteza majibu kila ukikigusa umekipata.

Hatua ya 3: Fungua uone

Mkono ukitosha kufungua nati, tayari umepata kosa moja. Ndani ya konekta nzima waya wa kati unang'aa rangi ya shaba, umenyooka, na umetokeza milimita 3 hivi kupita ukingo wa nati. Plastiki nyeupe inaishia sawasawa na sakafu ya konekta.

Mbovu ina sura kadhaa. Unga wa kijani au mweupe ni maji yaliyoingia. Waya wenye doa jeusi au la kahawia umeshachubuka: waya wa kati wa kebo nyingi ni chuma kilichopakwa shaba, na shaba ikiisha chuma kinaota kutu. Waya mfupi mno haufiki kwenye kibano cha ndani ya tundu. Ile ambayo huonekana kwa shida ni uzi mmoja wa wavu, mwembamba kama unywele, uliojikunja na kugusa waya wa kati. Tumia tochi.

Angalia na matundu ya splita. Kibano kilichotanuka kwa kuchomekwa waya mnene hakirudi, hiyo splita ni ya kutupa.

Hatua ya 4: Kata, funga upya

Usisugue kutu. Ukisugua unamaliza shaba iliyobaki. Kata kebo nyuma hadi ufike kwenye shaba inayong'aa na wavu mweupe usio na weusi. Kwa kisu cha kumenyea kebo, acha wazi waya wa kati kama milimita 6, na plastiki nyeupe yenye urefu huohuo nyuma yake. Kunja nyuzi zote za wavu nyuma juu ya ganda, lakini karatasi ya alumini iliyoshikamana na plastiki nyeupe iache palepale. Sukuma konekta hadi plastiki ifike sakafuni, kisha ibane kwa koleo ya kukandamiza. Zile konekta za kuzungusha kwa mkono ziache, hulegea.

Splita mpya iwe na matundu unayotumia tu, yenye maandishi ya masafa kuanzia MHz 5 hadi 1000 au zaidi. Katika mfano wetu tundu la tatu lilikuwa tupu, hivyo splita ya njia mbili inatosha. Inakula 3.5 dB, na upstream ilitulia kwenye 41.5. Tundu likibaki wazi, lifunge kwa kifuniko cha omu 75.

Hatua ya 5: Kaza, pima tena

Anza kwa mkono hadi nati igote, kisha spana ya milimita 11, robo hivi ya mzunguko. Usilazimishe tundu la modemu, lile limeshikwa na bodi ya ndani. Acha masaa kadhaa, kisha linganisha `Uncorrectables` na daftari lako.

Mipaka yako: usipande nguzo, usifungue kisanduku cha kampuni, usiondoe waya wa ardhi pale kebo inapoingia. Ukihisi umeme unakutekenya ukishika nati, acha na uwaite mafundi. Mvua ya radi ikiwepo, subiri.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, somo zuri. Kwangu `Correctables` ni mamia ya maelfu lakini `Uncorrectables` ni sifuri kwa siku tatu. Nifungue konekta?

Jibu: Hapana. Kilichorekebishwa kimefika salama, hukupoteza kitu. Kama upstream nayo iko kwenye 40 na kitu, acha kama ilivyo. Kila konekta unayoifungua bila sababu ni nafasi ya kuiharibu.

Swali: Mimi intaneti inakuwa nzito kila jioni, usiku wa manane inakimbia. Namba zangu zote nzuri. Ni kutu?

Jibu: Kutu haijui saa ya watu kurudi nyumbani. Namba zikiwa nzuri hata jioni yenyewe, laini ya mtaa wako imejaa, na hilo ni la kampuni. Ila soma namba wakati wa tatizo, si asubuhi. Kiungo kibovu cha nje hufuata jua, upepo na mvua, kwa hiyo nacho kinaweza kuwa na saa zake.

Swali: Niliwahi kuwa na dishi la setilaiti, splita yake bado ipo ukutani. Naweza kuitumia?

Jibu: Soma maandishi yake. Ikiwa imeandikwa 950-2150 MHz, haifai kabisa: masafa mengi ya modemu yako yako chini ya hapo, upande wa kupanda hautapita.

Swali: Kwa nini nisifunge amplifaya tu ishara ikiwa dhaifu?

Jibu: Kwa sababu amplifaya itakuza na kelele zilizoingia kwenye nati iliyolegea. Nyingi pia hukuza upande wa kushuka tu, wakati ugonjwa wako uko upande wa kupanda. Tengeneza viungo kwanza.

Swali: Nimefanya yote, nimeunganisha modemu moja kwa moja kwenye kebo inayoingia, na upstream bado ni 51. Nifanye nini?

Jibu: Hapo umemaliza kazi yako. Kilichobaki ni kebo ya nje au kiungo cha nguzoni. Wapigie uwape namba zako zote, na uwaambie umepima bila splita. Na waombe wapime pale kebo inapoingia, wasiishie kubadilisha modemu.