Kazi imekuja kwa namba ya WhatsApp tu: jinsi ya kumpata mwajiri mwenyewe kabla hujalipa

Niko idara ya utumishi katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo, Dar es Salaam. Asubuhi moja mlinzi wa getini alinipigia simu akasema kuna kijana amekuja kuripoti kazini. Hatukuwa tumeajiri mtu. Nikashuka, nikamkuta kijana ametoka Mbeya kwa basi la usiku, begi liko miguuni, mkononi kashika barua ya ajira yenye nembo yetu, sanduku letu la posta na mhuri wa bluu. Alikuwa ameshalipa shilingi 60,000 za vipimo vya afya na 35,000 za sare.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hukuhakiki kwanza?" Akajibu kwamba alihakiki. Alipiga namba iliyokuwa chini ya barua, akapokea mwanamke aliyejitambulisha kuwa ni wa mapokezi, akamwambia jina lake lipo kwenye orodha.

Kijana yule hakuwa mzembe. Aliuliza, ila aliuliza kwa namba aliyopewa na tapeli. Hatua zinazofuata ni za kukufikisha kwa mwajiri kwa njia ambayo aliyekutumia ujumbe hakuigusa.

Hatua ya 1: Mwombe njia ya pili

Kupokea ujumbe wa WhatsApp peke yake hakuthibitishi utapeli. Mimi mwenyewe huwatumia watu saa na mahali pa usaili kwa WhatsApp. Lakini hao waliomba kazi kwetu, na wakitaka kunipata kwa simu ya ofisi wananipata. Kwa hiyo mwandikie kwa heshima: "Naomba unitumie maelezo haya kwa barua pepe ya kampuni, pamoja na kumbukumbu namba ya tangazo la kazi." Kisha tazama anachojibu. Tapeli atakuambia simu ya ofisi ni mbovu, yuko kwenye kikao, nafasi zimebaki mbili na mkurugenzi anataka jibu leo. Picha ya nembo na maandishi ya akaunti ya biashara yasikutulize, kwa sababu akaunti ya biashara ya WhatsApp mtu yeyote anafungua bure.

Usifute mazungumzo wala kumfungia. Piga picha za skrini, namba yake ionekane.

Hatua ya 2: Itafute namba ya kampuni mwenyewe

Usibonyeze kiungo alichokutumia, na usitumie namba iliyo kwenye barua, kwenye tangazo la picha au kwenye ukurasa wa Facebook aliokuelekeza. Anza upya, kana kwamba hujawahi kuzungumza naye.

Kama kampuni inauza kitu, tazama risiti, kifungashio au ubavu wa gari lao. Namba ya huko ilichapishwa kabla tapeli hajakujua. Kama ni tawi la kampuni ya nje, nenda tovuti ya kampuni mama ukatafute ofisi yao ya Tanzania. Ukitafuta kwa Google, ruka matokeo ya mwanzo yenye alama ya tangazo la kulipia, maana nafasi hiyo hata tapeli anaweza kuinunua. Namba za kwenye Google Maps nazo zichukue kwa tahadhari, kwani mtu wa kawaida anaruhusiwa kupendekeza zibadilishwe. Ninapenda namba ionekane sehemu mbili zisizotegemeana kabla ya kuiamini.

Unaweza pia kulitafuta jina la kampuni kwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni Tanzania, kwenye ors.brela.go.tz. Ujue tu mpaka wa hatua hiyo: itakuambia kampuni ipo, haitakuambia kwamba aliyekuandikia ni wa kampuni hiyo. Kampuni yangu imesajiliwa kihalali, na bado jina letu lilitumika kumwibia yule kijana.

Hatua ya 3: Akituma barua pepe, soma baada ya alama ya @

Jina linaloonekana juu ya barua pepe mtu hujiandikia anavyotaka. Ligonge ili anwani kamili itokee. Tuseme tovuti halisi ya kampuni ni mfano.co.tz. Linganisha hizi tatu:

```
utumishi@mfano.co.tz
utumishi@mfano-ajira.com
utumishi@mfano.co.tz.ajiraleo.com
```

Ya kwanza ndiyo inayolingana na tovuti. Ya pili ni jina jingine kabisa, kistari na neno "ajira" yameongezwa tu. Ya tatu ndiyo inayokamata wengi kwa sababu mfano.co.tz inaonekana ndani yake. Soma kuanzia mwisho kurudi nyuma: mwenye anwani hiyo ni ajiraleo.com, na yaliyotangulia ni mapambo.

Jina linaloishia .com unaweza kulikagua lookup.icann.org. Tafuta mstari wa `Created`. Kampuni inayojisifu ina miaka 20 sokoni huku anwani yake ilisajiliwa wiki tatu zilizopita, hapo simama.

Hatua ya 4: Piga simu, na uliza bila kumpa mtu jibu

Ukiuliza "Hii namba ni ya kwenu?", mtu wa mapokezi mwenye haraka anaweza kusema "labda". Dada mmoja wa Dodoma alitupigia kwa simu ya mezani, na namna alivyouliza ndiyo ninayowafundisha watu sasa:

"Habari za kazi dada. Naomba kuunganishwa na utumishi."

Akaunganishwa kwangu.

"Shikamoo. Naomba kujua kama mna nafasi ya karani wa bohari iliyo wazi sasa."

"Marahaba. Hapana, hatuna."

"Na kuna afisa wenu anayewaita watu kwa WhatsApp?"

Hapo ndipo aliponisomea jina na namba. Jina lilikuwa la mwenzangu wa kweli, maana matapeli huokota majina ya maafisa mitandaoni. Nikamwita mwenzangu aje kwenye simu, akamwambia mwenyewe kwamba hajawahi kumwandikia. Kwa hiyo ukiambiwa "ndiyo, afisa huyo yupo", usiishie hapo. Omba uzungumze naye kupitia simu hiyohiyo ya ofisi, umuulize kama anakujua.

Kama kazi ni ya serikali au ya nje ya nchi

Maombi ya utumishi wa umma hupitia portal.ajira.go.tz. Kwa kazi za Oman, Dubai au Saudia, jina la wakala wa ajira liulizie TaESA, chombo cha serikali ya Tanzania cha huduma za ajira. Ukiwa Kenya, angalia orodha ya mawakala waliosajiliwa kwenye neaims.go.ke. Mpigie wakala kwa namba iliyo kwenye orodha, si ile iliyo kwenye picha ya leseni uliyotumiwa.

Kama umeshatuma pesa

Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika hiyohiyo, uwape namba ya muamala, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha. Ripoti namba ya tapeli kwa 15040 Tanzania, au 333 kwa wateja wa Safaricom Kenya, kisha nenda polisi na zile picha za skrini.

Pesa za kijana wa Mbeya zilikuwa zimeshatolewa. Alikuwa amewatumia pia picha ya kitambulisho chake cha taifa, pande zote mbili. Yule dada wa Dodoma alipotutumia mazungumzo yake, tukakikuta humo: tapeli alikuwa amemtumia kitambulisho cha kijana yule, chini yake ameandika, "Mimi ni afisa wa hapa, usiwe na wasiwasi."