Yumo kwenye kundi, folda bado inamkataa

Saa tatu na nusu asubuhi nilipigiwa simu kutoka ofisi moja karibu na Oginga Odinga Street, Kisumu. "Kaka, folda ya Hesabu imenikataa, na umesema umeniongeza." Kweli, saa tatu kamili nilikuwa nimemtia kwenye kundi `GRP_Hesabu`. Lakini dada huyu alikuwa ameingia kwenye kompyuta yake saa mbili, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Mtu anapoingia kwenye Windows, orodha ya makundi yake huandikwa wakati huo na kufungiwa ndani ya tokeni yake. Tiketi za Kerberos anazopewa kwenda kwenye sava nazo hubeba orodha hiyohiyo. Ukimwongeza kundini baadaye, tokeni na tiketi alizo nazo hazibadiliki. Tiketi ya kwanza, ile anayopewa anapoingia, huishi saa 10 kwa kawaida, kwa hiyo kungojea tu kunaweza kumaliza siku ya kazi.

Hatua ya 1: Tazama tokeni ina nini. Kwenye kompyuta ya mtumiaji, si kwenye yako, fungua Command Prompt ya kawaida:

```
whoami /groups | findstr /i Hesabu
```

Kwake hakikutokea kitu. Kundi halimo kwenye tokeni, hata kama kwenye Active Directory limo.

Nina kipimo kingine ninachokipenda: fungua folda kwa anwani ya IP ya sava badala ya jina lake. Kwa kawaida njia hiyo hutumia NTLM badala ya Kerberos, na makundi husomwa upya. IP ikikubali na jina likikataa, umeshamkamata mwizi: tiketi ni ya zamani. Ila kama NTLM imefungwa kwenye mtandao wenu, kipimo hiki hakitakuambia lolote.

Hatua ya 2: Mpe tiketi mpya. Njia safi ni Sign out, kisha aingie tena. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi, maana ni kikao kilekile. Dada alikuwa na Excel tatu wazi na hakutaka kutoka, kwa hiyo tulifanya hivi:

```
net use * /delete
klist purge
```

Amri ya kwanza inakata miunganisho ya zamani. Bila kuikata, sava huendelea kumhudumia kwa kikao kilichofunguliwa na tiketi ya zamani. Inaondoa pia herufi za diski za mtandao, kama H:, kwa hiyo ziandike kwanza ili uzirudishe. Ya pili inafuta tiketi. Usifungue dirisha hilo kwa Run as administrator. Dirisha la administrator lina hazina yake ya tiketi, utafuta zisizo zake halafu ushangae kwa nini hakuna kilichobadilika. Mimi nimewahi kupoteza dakika 20 hivyo.

Usirudie `whoami` kutarajia jibu jipya. Tokeni ya kompyuta yake inabaki ya zamani mpaka atoke; kilichobadilika ni tiketi ya mtandao tu.

Hatua ya 3: Folda ikifunguka lakini ikikataa kuhifadhi. Ndivyo ilivyotokea. Alisoma faili, akabadilisha, akakataliwa kuhifadhi. Hapa tiketi haina hatia tena. Folda ya mtandao ina milango miwili: ruhusa za kushiriki, zilizo kwenye kichupo cha Sharing, na ruhusa za faili, zilizo kwenye Security. Ruhusa ya mwisho ni ile iliyo finyu kati ya hizo mbili. Security ilimpa Modify, lakini kwenye Sharing ilikuwa Everyone: Read, ambayo Windows huweka yenyewe mtu anaposhiriki folda kwa Advanced Sharing. Aliyeisahau ni mimi.

Kuthibitisha, niliingia kwenye sava, nikafungua PowerShell kwa Run as administrator, nikauliza zote mbili:

```
Get-SmbShareAccess -Name Hesabu
icacls D:\Hesabu
```

Kumbuka kwamba ukikaa kwenye sava yenyewe na kufungua `D:\Hesabu`, mlango wa Sharing hauguswi kabisa. Ndiyo maana kwa fundi kila kitu hufanya kazi na kwa mtumiaji hakifanyi.

Hatua ya 4: Panua mlango wa nje.

```
Grant-SmbShareAccess -Name Hesabu -AccountName "OFISI\GRP_Hesabu" -AccessRight Change
```

Change inatosha kuandika na kufuta. Full Control haihitajiki. Ruhusa ndani ya mlango mmoja hujumlishwa, kwa hiyo Read ya Everyone haimzuii. Kinachomzuia ni Deny, na ukiikuta kwa kundi lolote alilomo, anza nayo.

Nilimwambia afunge folda, aifungue tena, ahifadhi. Ilikubali saa nne na dakika tano, kabla hajamwaga chai yake iliyopoa.