Somo: Kujibu kwa maneno yako mwenyewe bila kunakili wala kupotosha sentensi ya asili

Ndugu wanachama, somo la leo linahusu swali la ufahamu linaloanza na maneno "Kwa maneno yako mwenyewe, eleza…". Katika madaftari ninayosahihisha hapa Bagamoyo, wanafunzi wengi hukosa alama za swali hili ilhali habari wameielewa vizuri. Wapo wanaoinakili sentensi na kubadili maneno mawili matatu, na wapo wanaoikimbia kabisa hata wakaishia kusema jambo ambalo mwandishi hakulisema. Nimeona ni heri tushughulikie sentensi moja tu kwa kina kuliko kupita juu juu kwenye kumi. Sentensi hii nimeitunga mwenyewe:

"Kusi inapovuma kwa nguvu, wavuvi wa ngalawa wa Bagamoyo aghalabu hawavuki mwamba kwenda bahari kuu, si kwa sababu samaki wamepungua, bali kwa kuwa vyombo vyao vidogo haviwezi kuhimili mawimbi."

Swali: Kwa maneno yako mwenyewe, eleza kinachowafanya wavuvi hao wasiende bahari kuu.

Hatua ya kwanza ni kuivunja sentensi katika vipande vya habari kabla ya kufikiria maneno ya jibu. Hapa vipo vitano. Kipo wakati, nacho ni kusi inapokuwa kali, si msimu mzima wa kusi. Wapo wahusika, yaani wenye ngalawa, si wavuvi wote. Kipo kiasi, kilichobebwa na neno "aghalabu". Ipo sababu inayokataliwa, na ipo sababu inayokubaliwa. Viandike pembeni kwa ufupi, neno moja au mawili kwa kila kipande.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha somo, ni kuzungushia duara maneno madogo yanayoiwekea sentensi mipaka. Maneno makubwa kama "mawimbi" na "wavuvi" hayapotei kirahisi, kwa sababu kila msomaji anayaona. Yanayopotea ni "aghalabu", "baadhi", "tu", "huenda", "hata", "isipokuwa" na "si… bali". Ukiandika "wavuvi hawatoki kusi ikivuma", umeliacha "aghalabu", na sasa unadai kwamba hawatoki kamwe. Hali kadhalika, viambishi vya kitenzi hubeba mipaka: "hutoka" ni mazoea, "walitoka" ni tukio lililopita, na "wangetoka" ni jambo la kudhaniwa linalotegemea sharti. Ukanushi nao una mahali pake, kwa maana "si wavuvi wote walitoka" huacha nafasi ya baadhi yao kutoka, wakati "wavuvi wote hawakutoka" huelekea kuifunga nafasi hiyo.

Hatua ya tatu ni kuifunika sentensi kwa mkono au kwa karatasi, kisha kulieleza jambo hilo kwa sauti ndogo kana kwamba unamweleza mdogo wako nyumbani, huku ukitazama vipande ulivyoandika pembeni tu. Anayejibu huku jicho likiwa kwenye sentensi hufuata njia ileile ya mwandishi, neno kwa neno, hata akikusudia kuikwepa.

Hatua ya nne ni kuanzia mahali pengine. Mwandishi ameanza na upepo, basi wewe anza na chombo au na sababu. Ukibadili mwanzo, muundo wote utalazimika kubadilika, na hapo maneno yako yatakuja yenyewe.

Tazameni majibu matatu. La kwanza: "Kusi inapovuma kwa kasi, wavuvi wa ngalawa mara nyingi hawapiti mwamba, si kwa kuwa samaki wamepungua, ila kwa sababu vyombo vyao haviwezi kustahimili mawimbi." Hili limenakiliwa, visawe vimepachikwa lakini mifupa ni ileile. La pili: "Wavuvi wa Bagamoyo wanaogopa bahari wakati wa upepo." Hapa hakuna kilichonakiliwa, lakini mwandishi hakutaja woga, alitaja uwezo wa chombo, tena jibu limewaingiza wavuvi wote na pepo zote. La tatu ndilo ninalolikubali:

"Ngalawa ni ndogo, hivyo kusi ikizidi haimudu bahari iliyochafuka nje ya mwamba. Hicho ndicho kinachowazuia mara nyingi wavuvi wa hapa Bagamoyo wenye vyombo hivyo wasitoke. Uhaba wa samaki hauhusiki."

Hatua ya mwisho ni kulikagua jibu mara mbili. Ukaguzi wa kwanza ni wa kunakili: tafuta mahali ambapo maneno matatu yanafuatana kama yalivyo katika sentensi ya asili, upavunje, isipokuwa ni jina la mtu, la mahali au la kitu kisicho na jina jingine. Ukaguzi wa pili ni wa maana: rudi kwenye vile vipande vitano, uulize kwa kila kimoja kama kimo, na uulize pia kama umeongeza cha sita.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga: Shikamoo mwalimu. Kwa nini hukubadili neno "ngalawa" ukaandika "mashua"? Si umesema tutumie maneno yetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mashua ni chombo kingine, kilichoundwa kwa mbao, ilhali ngalawa huchongwa kwenye gogo na kuwekewa miti ya pembeni ili isipinduke. Ukiandika mashua umebadili wahusika. Neno "kusi" nalo libaki. Ukisema "upepo" peke yake, umeingiza na kaskazi. Maneno yako mwenyewe ni namna ya kueleza, si majina ya vitu.

Mzazi, Bagamoyo: Mwalimu, kijana wangu aliandika mwishoni "samaki bado ni wengi" ukamkata alama. Mimi naona ni sawa na "si kwa sababu samaki wamepungua".

Jibu: Mama, nakuelewa, kwa sababu kosa hili linafanana sana na ukweli. Mwandishi amekataa kwamba upungufu wa samaki ndio sababu. Hakusema kama samaki ni wengi au ni wachache. Yawezekana wamepungua kweli, na bado kinachowazuia wavuvi kikawa mawimbi. Vivyo hivyo nisingekubali "huvulia ndani ya mwamba", maana hatukuambiwa kama huvua huko au hubaki pwani wakishona nyavu.

Mwanachama, Pangani: Je, kugeuza kauli ya kutenda kuwa ya kutendwa kunatosha kuwa maneno yangu?

Jibu: Maana hubaki, lakini peke yake hakutoshi, kwa kuwa maneno ni yaleyale. Chunga zaidi usiteleze kutoka kutendwa kwenda kutendeka. "Nahodha alivunja mlingoti" na "mlingoti ulivunjwa na nahodha" ni habari moja. Ukiandika "mlingoti ulivunjika", nahodha ametoweka, na msomaji anaweza kudhani ni upepo.

Mwanafunzi, Muheza: Jibu langu likiwa refu kuliko sentensi ya asili, nimekosea?

Jibu: Hapana, kwa kuwa huu si ufupisho. Ila ukiona limezidi mara mbili ya urefu wa sentensi, rudia ukaguzi wa pili, na utafute hasa kile kipande cha sita.