Somo: Namna ya kumwandikia mwenye duka ripoti baada ya kuhesabu stoo

Kila ifikapo mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba napokea swali lilelile: tumemaliza kuhesabu, idadi hazilingani na kitabu, sasa tajiri tumwandikie nini? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo naandika hapa mara moja. Mfano nitakaoutumia ni wa duka la vifaa vya ujenzi nililolihesabia, na bei zote ni za kununulia za duka hilo kwa wakati ule.

Hatua ya 1. Hesabuni watu wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika, kwa karatasi isiyoonyesha idadi ya kitabu.

Hatua ya 2. Bidhaa yenye tofauti ihesabiwe tena siku hiyohiyo na watu wengine.

Hatua ya 3. Kateni mstari wa karatasi, yaani amueni hati ya mwisho itakayoingia katika hesabu, kabla ya kuandika neno lolote. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba msome taratibu. Miaka kadhaa iliyopita nilihesabu duka la jumla nikakuta madumu 22 ya mafuta ya kula hayapo, nami nikaandika katika ripoti kwamba yameibiwa. Mtunza stoo akasimamishwa kazi. Siku ya nne dereva alisafisha gari lake, akaikuta hati ya kutolea mzigo chini ya kiti: madumu yalikwenda kwa mteja Ijumaa jioni, lakini kwa kuwa hati haikurudi ofisini, kitabu kiliendelea kuyahesabu kama yapo. Nililazimika kumwandikia mwenye mali barua ya kufuta maneno yangu, na yule mtunza stoo hakunisalimia tena hadi alipoacha kazi.

Tangu hapo sianzi kuhesabu kabla sijaandika namba ya risiti ya mwisho, namba ya hati ya mwisho ya kutolea mzigo na namba ya hati ya mwisho ya kupokelea, na namba hizo tatu huziweka ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kila hati iliyotangulia namba hizo lazima iwe imeingia kitabuni, na kila inayofuata isubiri. Namba inayorukwa katikati itafutwe mpaka kwenye gari. Kumbukeni pia mzigo uliolipiwa ambao mteja hajauchukua, kwa sababu huo umelala stoo lakini si mali ya duka. Usipotengwa utawapa ziada ya uongo, na ziada ya uongo huziba upungufu wa kweli.

Neno "wizi" lisiingie katika ripoti kama huna ushahidi wa nani, lini na kwa njia gani. Andika "upungufu ambao chanzo chake hakijapatikana", kisha eleza ulitafuta wapi.

Hatua ya 4. Pangeni tofauti kwa chanzo, na msifute upungufu kwa ziada. Katika duka la mfano wetu tofauti zenye uzito zilikuwa nne. Saruji ilipungua mifuko 60, yaani shilingi 900,000 kwa bei ya 15,000. Nondo za milimita 12 zilipungua 30, yaani 720,000 kwa bei ya 24,000. Nondo za milimita 10 zilizidi 30, yaani 510,000 kwa bei ya 17,000. Misumari ilipungua kilo 9, yaani 27,000. Ukijumlisha na kutoa unapata upungufu wa 1,137,000, na waandishi wengi wa ripoti huishia hapo. Mwenye duka akisoma namba hiyo peke yake atashtuka bila kujua afanye nini.

Saruji kwanza. Mifuko 40 ilitoka Jumamosi jioni kwa hati halali, ila risiti ilikatwa Jumatatu, siku moja baada ya hesabu. Hiyo ni 600,000 ambayo haijapotea, ni kosa la karatasi tu. Mifuko 8 iliganda kwa kugusa ukuta wenye unyevu, ikatupwa bila kuandikwa popote. Hiyo ni hasara ya 120,000. Mifuko 12 iliyobaki, ya thamani ya 180,000, sikuipatia chanzo, nami nikaandika hivyo.

Nondo ndizo zilizonifundisha. Aliyezoea kufuta upungufu kwa ziada angesema nondo 30 zimepungua, 30 zimezidi, basi tumelingana. Hapana. Nilipozitoa risiti zote za milimita 10 na kuzilinganisha na hati za kutolea mzigo, nilikuta mauzo mawili, moja la nondo 20 na jingine la nondo 10, ambamo risiti ilisema milimita 10 huku mteja akiwa amepakia milimita 12. Swali lililobaki lilikuwa mteja alilipa bei gani. Kama angekuwa amelipa bei ya milimita 12, tofauti ingekuwa imebaki mfukoni mwa mtu wa dukani. Wateja wote wawili walikuwa na kumbukumbu za malipo ya bei ya milimita 10, kwa hiyo duka lilitoa nondo nene kwa bei ya nyembamba, hasara ya 210,000. Muuzaji alikuwa na wiki tatu kazini, na nondo zilikuwa zimelazwa pamoja bila alama.

Misumari hupimwa kwa kilo, na mzani wa kaunta mara nyingi huelemea upande wa mteja kidogo. Msilinganishe kilo 9 na kilo zilizobaki stoo; linganisheni na kilo zilizouzwa tangu hesabu iliyopita. Ziliuzwa kilo 600, kwa hiyo ni asilimia 1.5, kiwango ambacho mwenye duka alikwisha kukikubali.

Hasara halisi ikawa 537,000: saruji iliyoganda 120,000, nondo 210,000, misumari 27,000, na isiyojulikana 180,000.

Hatua ya 5. Ukurasa wa kwanza uwe na majibu, nao uanze hivi:

> Kitabu kilionyesha upungufu wa jumla wa shilingi 1,137,000. Kati ya hizo, 600,000 ni kosa la kumbukumbu ambalo limesahihishwa. Hasara ya kweli ni 537,000, na katika hiyo 180,000 haijapatiwa chanzo.

Majedwali yawe viambatisho.

Hatua ya 6. Kila pendekezo lifunge tundu mlilolikuta. Nilipendekeza manne tu. Gari lisitoke getini kama hati haina namba ya risiti, na mlinzi abaki na nakala. Saruji ipangwe juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Nondo zipakwe rangi kichwani kulingana na unene wake. Saruji na nondo zihesabiwe kila Jumamosi, kwa sababu mifuko 12 iliyopotea ndani ya miezi sita haitafutiki, lakini miwili iliyopotea ndani ya wiki inatafutika. Mbele ya kila pendekezo andika nani atalitekeleza, kuanzia lini, na mwenye duka atalihakikishaje akipita bila taarifa. Meneja alitaka niongeze kamera. Nilikataa, kwa kuwa kamera isingeizuia saruji kuganda wala isingesoma unene wa nondo.

MASWALI

Kijana wa Stoo: Mkuu, naomba fomati ya ripoti tafadhali.

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Stoo: Nilimaanisha faili ya kujaza.

Jibu: Nimekuelewa. Faili ya kujaza ndiyo iliyonifanya niandike "yameibiwa", kwa sababu ilikuwa na safu ya "sababu" na nikaona lazima niijaze.

Tajiri Mdogo: Maneno mengi. Kwangu upungufu ukionekana mtunza stoo anakatwa mshahara mwisho wa mwezi, basi. Ninyi wahasibu mnalea wezi.

Jibu: Sijamlea mtu. Katika mfano huu ungemkata mtunza stoo 900,000 za saruji, ambamo 600,000 zilikuwa mzigo halali wa mteja wako mwenyewe. Zaidi ya hayo, kama uko Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuruhusu kukata kwa kujionea tu. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, umpe kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi ulivyokokotoa, umpe nafasi ya kupinga, naye akubali kwa maandishi. Na hata hapo makato hayazidi robo ya mshahara wake. Ripoti isiyoonyesha chanzo haikusaidii kumkata mtu hata shilingi moja.

Mama Vipodozi: Shikamoo mwalimu. Mimi nina duka dogo na ndugu yangu ndiye ananihesabia. Yeye huandika upungufu kwa bei ya kuuzia, anasema ndiyo pesa niliyoikosa. Wewe umetumia ya kununulia. Nishike ipi?

Jibu: Marahaba, dada. Swali zuri, na ndugu yako hajakosea kabisa. Thamani ya mali stoo huandikwa kwa bei ya kununulia, kwa hiyo hasara nayo iandikwe kwa bei hiyo, la sivyo haitakubaliana na hesabu za mwaka. Faida uliyoikosa ni jambo la kweli, lakini iwekwe katika mstari wake chini, na kwa bidhaa ambazo kweli mngeziuza. Kibaya ni kuchanganya, bidhaa hii kwa bei ya kuuzia na ile kwa bei ya kununulia, maana jumla inayopatikana haina maana yoyote. Kama umesajiliwa kwa VAT na unairejeshewa, toa VAT katika bei ya kununulia. Kwa vipodozi ongeza safu ya tarehe ya kuisha muda, kwani boksi lililopitwa na muda huhesabika kama lipo ilhali haliuziki.

Mwana Kariakoo: Programu yetu inaonyesha bidhaa tatu zina idadi ya chini ya sifuri. Niandike kama ziada?

Jibu: Usiandike bado. Stoo halisi haiwezi kuwa chini ya sifuri. Mara nyingi mzigo uliuzwa kabla kupokelewa kwake hakujaingizwa, au uliingizwa kwa jina la bidhaa nyingine. Tafuta ankara ya mgavi kwanza. Ukirekebisha idadi bila kuitafuta, siku ankara itakapoingizwa utapata upungufu mpya usiokuwapo.

Fundi Nondo: Nimependa hapo pa nondo. Sisi hatuhesabu moja moja, tunapima fungu kwenye mzani na kugawanya. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 tunaihesabu kilo 10.7.

Jibu: Uzito huo ni sahihi kwa nondo ya kipimo kamili, na njia yako huokoa muda. Ila nondo ikija nyembamba kuliko ilivyoandikwa, fungu la 100 litasoma 95 nawe utamtafuta mwizi asiyekuwapo.

Fundi Nondo: Kumbe! Mwezi uliopita tulikosa nondo sita kwenye fungu ambalo kamba yake haikuwahi kufunguliwa.

Jibu: Lihesabu moja moja kwa mkono, kisha pima nondo tano tofauti. Zikitimia 100 na kila moja ikawa chini ya kilo 10.7, upungufu wako uhamishie katika ripoti ya mgavi, na ambatisha picha ya mzani.