Maandishi madogo ya Kiarabu chini ya bango la ofa, mimi yamenila riyali 348

Naandika hii nikiwa Moshi kwa mama, blanketi lenyewe liko kitandani kwake na kila nikilipita naliangalia kama mtu ninayemdai. Mnajua sisi Wachaga Desemba lazima turudi, na kurudi mikono mitupu hakupo, sasa mwaka huu nikasema sibebi mabegi ya kukimbizana nayo uwanja wa ndege, nitatanguliza mzigo kwa kago kutoka Riyadhi. Hapo ndipo nilipoliwa. Sikuibiwa na mtu, naomba muelewe hivyo, kila nilichotozwa kilikuwa kimeandikwa kwenye bango. Kimeandikwa kwa Kiarabu, chini kabisa, herufi kama chungu wa sukari.

Juu ya bango kulikuwa na Kiingereza kikubwa chekundu: Tanzania, kilo riyali 12, na kilo 10 bure. Pembeni ya hiyo 10 kulikuwa na nyota ndogo. Ukiona nyota kwenye bango usisome tena juu, shuka chini kaitafute mwenzake, na huko chini Kiingereza kinakuwa kimeshaisha.

Mwenzangu kazini alilipiga picha akanirushia wasap. Mimi Kiarabu nakisikia, cha kuomba chai na kugombana na dereva, kusoma ni kwa kuvizia. Nikamrushia kaka mmoja wa Arusha ambaye amekaa kule muda mrefu, akanijibu kwa sauti, sekunde ishirini hivi: "Wanahesabu uzito halisi au uzito wa ukubwa wa boksi, ofa mpaka tarehe 25, vimiminika hawataki. Nenda tu." Nikaenda tu.

Mstari wenyewe ulikuwa huu:

يحتسب الوزن الفعلي أو الحجمي، أيهما أكبر

Kaka aliutafsiri vizuri mpaka kwenye koma, kilichobaki akakimeza. Maneno mawili ya mwisho yanasomwa ayyuhuma akbar, maana yake "ule utakaokuwa mkubwa kati ya hiyo miwili". Yaani wanapima boksi kwenye mizani, halafu wanapima kwa futi, halafu unalipia ile namba iliyo kubwa. Mimi niliposikia "au" nikajua ninachagua. Tena nikajiona mjanja, nimepakia mablanketi ya manyoya na mito, vitu vyepesi, nikajisemea hapa mizani haitanipata.

Sasa angalieni hesabu. Boksi la mablanketi lilikuwa sentimita 80 kwa 60 kwa 50, na mizani ilisema kilo 19. Yule kijana wa kaunta akazidisha: 80 mara 60 mara 50 ni 240,000, akagawa kwa 5,000, ikatoka 48. Kilo 19 zimegeuka 48 nikiwa nimesimama pale pale. Boksi la pili, la masufuria, lilikuwa 40 kila upande, kwa hesabu hiyo ni kilo 12.8, ila kwenye mizani lilikuwa 33, basi hapo wakachukua 33. Umeona mchezo? Jepesi wanalihesabu kwa ukubwa, zito wanalihesabu kwa uzito, wao hawakosi. Nilikuja na kilo 52 kichwani mwangu, nitoe 10 za bure, nilipe 42 mara 12, riyali 504. Nikalipa 81 toa 10, ni 71, riyali 852. Tofauti ni 348, na zote zimo ndani ya maneno mawili ambayo kaka aliona hayana haja.

Hiyo 5,000 haikuwepo kwenye bango, kwa hiyo uliza kabla hujafunga boksi. Kampuni za vifurushi vya haraka wengi wanagawa kwa 5,000, kago ya kawaida ya ndege mara nyingi ni 6,000, na boksi langu kwa 6,000 lingekuwa kilo 40. Na blanketi linyonye hewa ulifunge kwa plastiki, mimi nililiachia limetuna kama andazi.

Narudia kwa sababu najua mtasoma haraka haraka: usikubali mtu akufupishie masharti. Usikubali. Rafiki anakuambia "maana yake ni kwamba", wewe mwambie hapana, nisomee mstari kwa mstari, neno kwa neno, hata kama hilo neno unaliona la kijinga. Ninachofanya sasa hivi, naandika kwanza Kiarabu chenyewe kwenye simu kama kilivyo, namba ya sharti na kila koma, halafu Kiswahili kinakaa chini yake. Kiarabu sikifuti, maana siku ya kubishana kaunta Kiswahili chako hakina kazi pale.

Maneno ya kuyawinda ni madogo sana, na udogo wao ndiyo shida. Kuna لا (la), yaani hapana au si, kuna غير (ghair), yaani isiyo, kuna إلا (illa), yaani isipokuwa, na kuna ما عدا (maa adaa), nayo ni isipokuwa. La ni herufi mbili tu zilizoshikana, mkunjo wa karatasi ukipita hapo "haijumuishi" inakuwa "inajumuisha". Halafu la moja inaweza kubeba mzigo wa mstari mzima:

لا يشمل العرض الأجهزة الإلكترونية والسوائل والعطور

Ofa haijumuishi vifaa vya elektroniki, na vimiminika, na manukato. Ile و ndogo inayounganisha inavirudisha vyote chini ya la ya mwanzo. Kuna dada alitafsiriwa akaandikiwa kama orodha, kitu kimoja kila mstari, ile "haijumuishi" ikabaki juu peke yake, akasoma chini "manukato" akajua yamo. Mimi mwenyewe nilikuwa na chupa nne za manukato, zikatolewa nikamwachia mwenzangu, sasa hivi ananukia yeye.

Lakini hapo hapo usahihi uliniokoa. Yule kijana alitaka kuitoa na blenda ya mama, anasema hii nayo ni mashine. Nikamwonyesha neno: bango limesema إلكترونية, elektroniki, halijasema كهربائية, za umeme. Akamwita mkubwa wake, mkubwa akasoma, akacheka, akasema mwache, iende. Kijana mwenyewe alikuwa mgeni kama mimi tu, katoka Asia huko, Kiarabu cha bango lake hasomi. Hilo nalo mlijue, anayekuambia "no problem habibi" kaunta mara nyingi hajui karatasi yake inasema nini. Wenyeji wa kule kwa mdomo ni wakarimu kweli, utanyweshwa kahawa na tende mpaka uone aibu kuuliza bei, ila ukirudi na lalamiko wanafungua karatasi, na karatasi ni ya Kiarabu. Mimi siwalaumu. Kwetu ni kinyume, karatasi tunaweka sahihi bila kusoma halafu tunategemea kuongea na mtu.

Illa ndiyo mjanja kuliko wote kwa sababu inakuja baada ya la, na mbili zikikaa pamoja maana inageuka. Sharti la nne:

لا يسترد المبلغ إلا في حالة فقدان الشحنة

Hela hairudishwi isipokuwa mzigo ukipotea. Ukiikosa illa unasoma hela hairudishwi hata mzigo ukipotea, unakata tamaa bure. Ukiikosa la unasoma inarudishwa, unajipa moyo bure. Na ni kupotea, فقدان, basi. Kuchelewa hakumo, kuvunjika hakumo. Mzigo wangu uliingia baada ya Krismasi, sufuria moja imebonyea, nikauliza, wakaniuliza: umepotea? Haujapotea. Ndiyo hivyo.

Sharti la mwisho naliandika kwa ajili ya ndugu wa huku: التسليم في مستودع دار السلام فقط. Makabidhiano ni kwenye ghala la Dar es Salaam tu. Faqat ni "tu", neno dogo, linakaa mwisho wa mstari. Shemeji yangu alishatangazia watu wa Majengo kwamba mzigo unashushwa Moshi mlangoni. Shemeji, nakupenda, ila nani alikuambia mlangoni? Ilibidi mtu apande basi akaufuate, na nauli na kusafirisha mnajua aliombwa nani.

Na namba jamani. Tano yao ni ٥, inafanana na sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta tu. Sharti lilisema kiwango cha chini ili upate hizo 10 za bure ni ٥٠ كجم, kilo 50. Kwenye picha ya wasap nukta ikamezwa, ikabaki ٥. Shemeji huyo huyo akasambaza kwamba ukituma kilo 5 unapewa 10 bure. Hebu fikiri kidogo, nani anafanya biashara hiyo? Mwenzetu mmoja alienda na kilo 7, akarudishwa. Namba zenyewe zinasomwa kutoka kushoto kama zetu, hata kama maneno yanatoka kulia, kwa hiyo ٢٥ ni ishirini na tano, sio hamsini na mbili.

Picha yenyewe: simama sawa na bango, zima flashi, piga bango zima kisha piga tena sehemu ya chini kwa karibu vipande viwili vitatu vinavyopishana kidogo. Tuma kama dokumenti, usitume kama picha ya kawaida, maana wasap inaibana na Kiarabu ni nukta tupu. Nukta ikipotea ب na ت na ن hazijulikani.

Na nyie mliosoma madrasa msijidanganye sana, bango halina irabu. Mimi nilikuja kusomewa vizuri na ustadhi mmoja hapa Moshi, mzee wa watu, alivaa miwani miwili akasoma kila neno polepole, na mzigo ndio umeshafika. Akanifundisha kwamba ile خصم kubwa nyekundu juu, khasm, ni punguzo, na ni mzizi mmoja na hasimu wetu wa Kiswahili. Nikamwambia mzee, hilo nilishalijua.

Jana shemeji kanirushia bango jingine, la simu, anasema "hii ni ya ukweli, angalia". Kalipiga kwa mbali, na chini kalikata.