Jinsi ya kuandaa mahubiri ya msiba pale marehemu alipokuwa na maisha yenye doa na kila mtu anajua

Mi ni mwinjilisti wa mtaa huku milimani Moshi, na leo nataka kuelezea msiba wa aina moja tu, ule ambao marehemu aliwaumiza watu wake na majirani wote wanajua, halafu wewe ndo umepangiwa neno la Mungu. Msiba wa bibi aliyelea wajukuu na kuimba kwaya maisha yake yote haukusumbui sana. Huu mwingine ndo unakukosesha usingizi.

Miaka ya nyuma nilimzika baba mmoja nikasema alikuwa "nguzo ya familia", maneno niliyoyazoea tu, na binti yake akanyanyuka kwenye viti vya mbele akaenda kukaa nyuma ya jiko hadi tukamaliza kuzika. Baadaye nikajua alichopitia kwa huyo baba. Tangu siku ile nina utaratibu, na ntauonyesha kwa msiba mmoja niliouhudumia, nikiacha majina.

Marehemu alikuwa dereva wa malori, safari za Tunduma. Alioa hapa, wakapata watoto 5, halafu akahamia Tunduma moja kwa moja na kuanzisha nyumba ingine kule, watoto 2, na kwa miaka 11 hapa kihambani hakukanyaga. Alirudi akiwa na kiharusi, upande wa kushoto umekufa na maneno hayatoki vizuri, na mke wake yuleyule akamhudumia miaka 4 hadi alipofariki.

Hatua ya 1: nenda nyumbani siku mbili kabla, ongea na watu watatu, kila mmoja peke yake

Usisubiri wasifu. Wasifu unaandikwa na kamati, mara nyingi usiku, na mtu mwenye mwandiko mzuri, na unaandikwa ili ukoo usiaibike. Wewe kaa na mjane, kaa na mtoto mmoja ambaye hayupo kwenye kamati, na kaa na mtu aliyefanya kazi na marehemu au jirani wa siku nyingi. Usitoe daftari mwanzoni, toa pole kwanza, kunywa chai, nyamaza.

Maswali yangu ni matatu tu. Ukimkumbuka unamwona akifanya nini? Kitu gani nikikisema siku ya kuzika kitakuumiza? Na kitu gani nisipokigusa kabisa utaona nimedanganya watu? Hilo la tatu ndo linafungua, watu wengi hawajawahi kuulizwa hivyo na mtu wa kanisa.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika pindo la kanga analikunja na kulikunjua, akaniambia, "Mwinjilisti, wasije wakasoma kwamba tumeishi kwa upendo miaka 38, nitashindwa kuinua uso." Kumbe ndo maneno yaliyokuwa tayari kwenye wasifu. Kijana wake wa tatu akaniambia, "Baba usimsafishe, ila usimwanike pia." Na jirani akaniambia jambo ambalo hakuna mwingine alilikumbuka, kwamba huyu mzee kabla hajahama kila zamu ya kusafisha mfongo, ule mfereji wetu wa maji ya migombani, alikuwa wa kwanza kufika na jembe, na vijana wengi wa mtaa aliwafundisha kuendesha gari bila kudai hata shilingi.

Hatua ya 2: chambua ulichosikia

Hapa ndo pa kuwa makini kuliko kote. Kuna mambo ambayo mtaa mzima unayajua, kuna yanayojulikana ndani ya nyumba tu, na kuna uliyoambiwa kwa siri, kwenye ushauri au maungamo. Madhabahuni unaruhusiwa kugusa lile la kwanza tu, na hata hilo kwa ruhusa. Ugonjwa uliomuua, mtoto ni wa nani, madeni, walichogombania kwenye urithi, hivyo havikuhusu hata kama umeambiwa na watu kumi. Kusema kweli haimaanishi kusema yote. Inamaanisha kwamba kila sentensi itakayotoka mdomoni mwako, mjane aliyekaa mbele yako aweze kuisikiliza na kujua kwamba hiyo ni kweli.

Kwa yule mzee, miaka 11 ya Tunduma mtaa wote uliijua. Kwa hiyo kuiruka ingekuwa uongo wa kimyakimya, watu wangekuwa wanaisikia kichwani wakati mi naongea.

Ruhusa inaombwa hivi: andika sentensi yenyewe, nenda nayo, msomee mjane, polepole. Usimuulize "naweza kugusia yale mambo", maana atasema ndiyo bila kujua utasema nini. Mi nilimsomea: "Kuna miaka 11 ambayo nyumba hii ilimsubiri, na mama yenu aliisimamia peke yake." Akanyamaza muda mrefu, akasema niisome tena, halafu akasema, "Hiyo sema." Angekataa ningeiacha, na ningeacha pia kila sifa inayoipinga, kwa maana hiyo ya upendo wa miaka 38 isingetoka kwangu.

Likabaki la idadi ya watoto. Wasifu uliandika 5, na wale 2 wa Tunduma walikuwa njiani kwenye basi. Kijana mkubwa hakutaka. Nilimwambia, "Kaka, mimi siwezi kukulazimisha, hilo ni la kikao chenu cha ukoo, ila mimi kwenye mahubiri nitasema 'watoto wake', bila namba." Jioni mama yao ndo alimaliza, akasema watoto hawana kosa, iandikwe 7. Wewe usiingie kwenye hicho kikao kama hakimu, utamaliza msiba ukiwa upande wa mtu.

Hatua ya 3: chagua andiko linaloweza kumbeba mtu huyu

Lile la "nimevipiga vita vilivyo vizuri" tunalisomea kila jeneza, na ni maneno ya Paulo kuhusu maisha yake mwenyewe. Ukimsomea mtu aliyekimbia nyumba yake, watu wataangaliana. Nilichukua Zaburi ya 130, inayouliza kama Bwana angehesabu maovu nani angesimama, halafu inaenda kwenye kungoja, kama walinzi wanavyoingoja asubuhi. Kungoja kulikuwa ndo historia ya ile nyumba, sikuhitaji kulazimisha.

Na ukiona wazee wanasema kanisa letu halijazoea kusema hivi kwenye mazishi, wakumbushe kwamba Luther mwenyewe alipomzika Yohana mtawala wa Saksonia mwaka 1532 alisema hatamsifu kwa fadhila zake kubwa, bali anamwacha abaki mwenye dhambi kama sisi wengine. Na huyo alikuwa mtawala wake, tena aliyemlinda.

Hatua ya 4: andika, dakika 12 hadi 15

Kurasa mbili za mkono zinatosha, zaidi ya hapo jua la saa 7 linakushinda na bado kuna salamu za rambirambi. Anza na majonzi ya hawa waliokaa mbele yako. Kisha sema jambo jema moja au mawili ambayo watu waliyaona kwa macho, siyo "alikuwa mkarimu", sema mfongo, sema usukani. Mtu akisikia mfongo anamwona mzee na jembe lake, na hapo ndo msiba unaanza kuwa wa mtu mwenyewe.

Sentensi ngumu inakaa katikati. Ukiianza nayo watu hawatasikia kingine, ukiimalizia wataondoka nayo. Iwe moja, na baada yake usiweke "lakini". Hii nimejifunza kwa kusikiliza watu: ukisema "aliondoka miaka 11, lakini alikuwa mtu mwema", mjane anasikia maumivu yake yamefutwa, na ukigeuza, "alikuwa mwema lakini aliondoka", watoto wanasikia baba yao amehukumiwa. Weka nukta. Hivi ndo ilivyokuwa siku ile:

"Wengi wenu mnaoendesha magari leo, mkono wake ulikuwa juu ya mkono wenu kwenye gia. Na maji yanayopita chini ya migomba hii, alikuwa anayafungulia njia kwa jembe lake. Kuna miaka 11 ambayo nyumba hii ilimsubiri, na mama yenu aliisimamia peke yake. Na kuna miaka 4 ambayo kila jioni mkono wake wa kushoto ulikandwa kwa maji ya moto, na mikono ya huyo huyo aliyesubiri. Bwana akihesabu maovu, nani kati yetu atasimama? Mimi sitasimama."

Baada ya hapo ni Mungu, msamaha, na ufufuo, na hapo usiwe na haraka.

Kijana mdogo aliniomba niseme baba alitubu. Nilimjibu, "Mdogo wangu, mimi moyo wa baba sikuuona, na maneno hakuwa nayo." Nilichokuwa na uhakika nacho ni kwamba mchungaji alimletea Meza ya Bwana kitandani mara mbili na akapokea, nami nilikuwepo, akilia. Nikasema hivyohivyo, alipokea, alilia, nikaishia hapo. Usimpeleke mtu mbinguni wala motoni kwa maiki. Unamkabidhi kwa Mungu, basi. Na usilitumie jeneza kutishia waliohai waokoke, familia inaona baba yao amefanywa mfano wa aliyepotea.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Fika mapema uusome wasifu kabla haujasomwa, na mwambie mshereheshaji salamu ziwe kabla ya neno, kwa sababu rafiki mmoja akisimama baada yako na stori za Tunduma, au shangazi akaanza kumtetea kaka yake, kazi yote imeharibika.

Ukifika kwenye ile sentensi punguza mwendo, usiangalie familia ya Tunduma wala mjane, angalia jeneza. Halafu sikiliza. Kimya kizito ni kizuri. Ukisikia mguno wa "eeh" kutoka nyuma na watu kugeuziana vichwa, umewapa umbea, usifafanue, nenda moja kwa moja kwenye andiko. Ukiona mjane ameinamisha uso na hauinui, fupisha, ingia kwenye sala.

Siku ile yeye aliacha kukunja kanga. Wale watoto 2 walisimama na wenzao 5 kutupa udongo, kijana mkubwa akawasogezea beleshi bila kusema neno.

Wiki ya tatu nilirudi, kama ninavyofanya kila mara, maana siku za mwanzo watu ni wengi na baadaye nyumba inakuwa kimya sana. Mama akaniomba zile karatasi mbili. Mi huwa natunza nakala kwenye simu, kwa hiyo nikampa zenyewe, na mwandiko wangu na vifuto vyake, akaziweka ndani ya Biblia yake pamoja na leseni ya zamani ya mumewe.