Kuhuisha lugha ya mahubiri ya zamani bila kuivua heshima

Tuchukue kipande hiki:

"Enyi wapendwa, yu wapi ajisifuye mbele zake Bwana? Ole wake afanyaye shingo yake kuwa ngumu, kwa maana ghadhabu yake Mwenyezi yaja upesi, wala hapana awezaye kuikimbia. Bali aliye mnyenyekevu, Bwana humwinua kwa mkono wake wa kuume."

Kwanza tenga maneno ya mhubiri na mistari ya Maandiko aliyoinukuu. Mistari iache kama ilivyo katika tafsiri yake. Kipande chetu hakina nukuu, kwa hiyo chote ni chetu.

Pili, anza na vitenzi, usiguse msamiati kwanza. Uzee wa kipande hiki umekaa zaidi kwenye sarufi: yu, yaja, hapana, na vile virejeshi vya mwisho, ajisifuye na awezaye. "Yu wapi" inakuwa "yuko wapi", "yaja" inakuwa "inakuja", "hapana awezaye" inakuwa "hakuna anayeweza". Mpangilio wa "ghadhabu yake Mwenyezi" urudishe kuwa "ghadhabu ya Mwenyezi Mungu".

Hapo kwenye virejeshi ndipo wengi wanapokwama. "Ajisifuye" haina wakati. Ni mtu yeyote, siku yoyote. Ukiandika "yuko wapi anayejisifu", waumini wataanza kugeuka kumtafuta kwenye mabenchi. "Mtu wa kujisifu" hurudisha ile maana ya jumla. Tena, kila -ye ya mwisho ikigeuzwa -naye- huongeza silabi moja: awezaye ni nne, anayeweza ni tano. Zikifuatana tatu, sentensi inaburura miguu. Ndiyo maana wa shingo ngumu tutamwita "mwenye kushupaza shingo".

Tatu, msamiati. Badilisha neno pale tu msikilizaji anapolielewa vibaya. "Kuume" ni mfano mzuri, maana vijana husikia "kiume"; weka "kulia". Lakini "ole", "ghadhabu", "wala" na "bali" ziache, zinaeleweka na ndizo zinazobeba uzito. Hu- ya "humwinua" nayo ibaki, bado ni Kiswahili cha kila siku. Ukiandika "Mungu hukasirikia wabishi" umepata maana na kupoteza mimbari. Hata "mkaidi" hutosha kwa maana, ila ile picha ya shingo inayokataa kuinama inapotea.

Matokeo:

"Wapendwa, yuko wapi mtu wa kujisifu mbele za Bwana? Ole wake mwenye kushupaza shingo, kwa maana ghadhabu ya Mwenyezi Mungu inakuja upesi, wala hakuna anayeweza kuikimbia. Bali mnyenyekevu, Bwana humwinua kwa mkono wake wa kulia."

Mwisho, soma kwa sauti ukiwa umesimama, kisha mpe mwingine asome bila kumwandaa. Akijikwaa, angalia kama kuna virejeshi viwili vilivyokaribiana. Akisoma haraka kama tangazo, umefuta "wala" au "bali" mahali fulani, irudishe.